Posti za maneno ya hamasa kwenye ukurasa wa sabuni za mwani: ni sauti yetu au za kujazia tu?

PwaniYaMashariki (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jamvi.

Mie ndiye ninayeshughulikia ukurasa wa Instagram wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani huku upande wa Jambiani. Kawaida naposti picha za sabuni, bei, siku za kupeleka mzigo Mjini, na shamba maji yakishatoka. Tangu mwanzo wa mwaka tumeongeza posti ya maneno ya hamasa kila Jumatatu, maana kwenye semina tuliambiwa ukurasa usikae kimya.

Sasa pana mvutano. Katibu anasema zile posti hazitufanani hata kidogo. Mwenyekiti anasema ndizo zinazopata laiki nyingi, kwa hiyo zibaki. Naieleza ya Jumatatu iliyopita ili mjue nazungumzia nini. Picha ni ya mtu kasimama juu ya jabali, nyuma yake milima ya theluji, jua linachomoza. Katikati maandishi meupe: "Kila siku ni nafasi mpya. Usikate tamaa, ndoto zako zinakusubiri." Chini pembeni nembo yetu. Kapsheni: "Jumatatu njema familia! Mtagi rafiki anayehitaji kuyasikia haya."

Mtu anapimaje kwamba posti kama hii ni yake kweli au ni ya kuazima ya kujazia nafasi? Sitaki "naipenda" au "siipendi". Nataka kitu nitakachokwenda nacho kikaoni.

---

NgamboGrafiki

Waaleikum salaam. Jibu lake jepesi, dada. Funika nembo kwa kidole. Ukishaifunika, posti hiyo inaweza kuwa ya duka la simu Darajani, ya chuo, ya benki, ya mtu yeyote. Ikiwa inaweza kuwa ya yeyote basi si yenu. Futa. Mimi nachora matangazo na hicho ndicho kipimo changu kwa kila kazi inayonipitia.

Na hiyo picha ya theluji inatoka kwenye templeti za bure za Canva, nimeiona kwenye kurasa chungu nzima.

---

DogoFuoni

Tatizo lako ni kwamba huiboosti. Weka elfu kumi kwenye ile yenye laiki nyingi, lenga watu wa Dar na Arusha, utaona. Posti zote ni nzuri zikifika kwa watu.

---

PwaniYaMashariki

Ahsante mdogo wangu, lakini hilo swali jengine. Nauliza kama posti yenyewe ina haki ya kukaa pale, kabla ya kuitia pesa.

---

KinyoziChake

Mimi nina kibanda cha kunyoa Chake Chake na nisemavyo ni tofauti na hapo juu. Kila wiki naandika maneno kwa chaki kwenye ubao ulio juu ya kioo, halafu napiga picha naposti statasi. Mengine nayaokota tu, mengine wateja wananiletea. Watu wanapiga skrinishoti wanaweka statasi zao. Wengine wanakuja wanakaa kitini wanasema "leo umenigonga". Sasa kwa kipimo cha NgamboGrafiki maneno yale ni ya yeyote. Mbona kwangu yanafanya kazi?

---

Mkunazini_Kwetu

Nimefanya kazi ya kurasa za maduka na nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe kwa miaka, na mjadala huu nimeukalia vikao vingi. Dada PwaniYaMashariki, katibu wako kaona sawa, ila "hazitufanani" haitoshi kumshinda mwenyekiti mwenye laiki mkononi. Hebu tuifungue ile posti yenyewe.

Mie huanza na anayeambiwa. "Usikate tamaa" ni maneno ya kumwambia mtu aliyekwama. Wanaofuata ukurasa wenu ni akina nani? Mgeni aliyenunua vipande vitatu akaenda navyo kwao, dada wa Dar mwenye ngozi inayomsumbua, mwenye duka la zawadi anayetaka mzigo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kwenu na tamaa iliyokatika. Kaja kwa sabuni. Posti inamgeuza mteja kuwa mgonjwa na inawageuza nyinyi kuwa washauri wa nafsi, na hamjawahi kujitambulisha hivyo popote. Hapo ndipo mtu anapohisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Halafu sauti. Kwenye posti nyengine, nadhani unaandika kama unavyosema: mzigo umeshatoka, rangi ya manjano imekwisha, njooni kabla ya Ijumaa. Ghafla Jumatatu anaingia mtu anayesema "ndoto zako zinakusubiri". Jaribu hivi: chukua posti zenu tisa za mwisho, soma kapsheni moja baada ya moja kwa sauti mbele ya mama wa kikundi ambaye hashiki simu sana. Usimwambie unatafuta nini. Mwulize tu ipi humu hakuiandika mtu wa kwetu. Akiitaja bila kusita, unalo jibu la kupeleka kikaoni, na limetoka kwao wenyewe.

Na siku. Jumatatu ni mwanzo wa wiki kwa mtu wa ofisi. Nyinyi wiki yenu inaendeshwa na bamvua. Kazi inapamba moto maji yanapokwenda mbali, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu watu wanakaa nyumbani wanaanika na kupika sabuni. Ukurasa unaohimiza watu waamke Jumatatu, wakati wenyewe hawajui Jumatatu hiyo ina nini, umefuata kalenda ya mwengine. Mimi nikiona hamasa imepangwa kwa siku ya juma badala ya tukio, tayari nashuku kwamba nafasi ilikuwa tupu na ikatafutiwa cha kuijaza.

---

Mkunazini_Kwetu

Naendelea, maana NgamboGrafiki kasema jambo ambalo nusu yake ni kweli na nusu yake inapoteza watu.

Kufunika nembo kunanasa vingi mno. "Tutafunga siku ya Idi, tutafungua Jumatano" nayo inaweza kuwa ya yeyote, lakini ni posti halali, ina habari mteja anayoihitaji. Na upande wa pili, kuna vinavyopenya. Nikikuandikia "Kama mwani unavyokua baharini, nawe kua katika maisha yako", ukifunika nembo bado ni mwani, bado ni nyinyi. Lakini ni ya kujazia vilevile, kwa sababu hapana mtu aliyeisema. Imepakwa mwani juu. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko milima ya theluji, maana zinapita kikaoni bila kuulizwa.

Kwa hiyo baada ya kufunika nembo, uliza: nani kasema, akiwa anafanya nini, na kwa nini leo? Posti ya Jumatatu haina jibu hata moja. Ya KinyoziChake inayo yote. Ubao ni wake, mwandiko ni wake, mteja kayaleta, na mtu akikaa kitini yanazungumzwa. Maneno kaazima lakini mahali ni pake.

---

NgamboGrafiki

Hiyo ya kupaka mwani juu nimeikubali, nimeshachora za namna hiyo za karafuu na za pweza kwa wateja. Lakini mwenyekiti atakuuliza laiki. Hilo utalijibuje?

---

Mkunazini_Kwetu

Afungue orodha ya waliolaiki, asiishie kwenye jumla. Mara nyingi kwenye posti za hamasa utakuta ni kurasa nyengine za biashara ndogo zinazorudishiana laiki, na watu wanaolaiki kila neno zuri linalopita. Laiki ya aina hiyo haina uhusiano na sabuni. Halafu aangalie takwimu za posti yenyewe: wangapi walihifadhi, wangapi walimtumia mtu mwengine, wangapi kutoka hapo waliingia kwenye ukurasa wenu, na wangapi waliandika ujumbe. Kisha aiweke pembeni ya posti ya kawaida, kwa mfano ile ya mzigo mpya. Ukikuta ya hamasa ina laiki maradufu lakini hakuna aliyeingia ukurasani wala kuuliza bei, basi inawapendeza watu wasiowahusu.

Komenti nazo zina lugha yao. "Amina", "kweli kabisa", mikono ya dua, hizo zinamjibu yeyote. "Hii kasema nani?", "Mnaleta lini Mkunazini?", "Bibi huyu ndiye yule aliyetuonesha kamba?", hizo zinawajibu nyinyi.

Tahadhari moja, dada. Ukurasa wenye wafuasi mia kadhaa, posti moja haithibitishi kitu. Linganisha posti kadhaa za kila aina, na usichanganye za Ramadhani na za miezi ya wageni wengi, maana watu wanaotazama si walewale.

---

BiKarafuu_Wete

Wanangu, mie nauza mafuta ya karafuu na nina neno. Mnasema maneno ya kuazima kama kwamba kuazima ni aibu. Sisi wanawake wa visiwa hivi tumevaa maneno ya kuazima mwilini tangu bibi zetu. Kanga moja inachapwa maelfu, jina lake moja, na kila mmoja anayeinunua anakuwa na lake. Mmoja kampa mama yake, mwengine kaivaa apite mbele ya mlango wa jirani. Hakuna anayesema jina la kanga ile si langu. Basi na mie nikiandika "Haba na haba hujaza kibaba" kwenye ukurasa wangu, nimejazia?

---

Mkunazini_Kwetu

Shikamoo bi mkubwa. Umeniwahi, na naona hapa ndipo penyewe. Kanga haiulizwi nani kaitunga. Inaulizwa nani kampa nani, na siku gani. Kuazima si kosa. Kosa ni maneno kukosa tukio na kukosa mlengwa.

Kwa hiyo "Haba na haba" kwenye kibandiko cha rangi, siku isiyo na jambo, ni ya kujazia. "Haba na haba" chini ya picha ya chupa yako ndogo pembeni ya gunia la makonyo uliyoyakamulia mafuta hayo, mtu aone ni majani na makonyo kiasi gani yameingia kutoa kichupa kile, hiyo ni yako hata kama methali ni ya wote. Mteja aliyekuwa analalamika bei anaelewa bila wewe kujitetea.

---

BiKarafuu_Wete

Marahaba. Hapo tumeelewana. Bei ndiyo ninayoulizwa kila siku.

---

Maalim_Jirani

Mimi naongeza habari ya majina yanayowekwa chini ya nukuu, kwa sababu naona hapo watu wanaharibikiwa zaidi. Kuna maneno yanayozungushwa kwamba Mandela aliyasema alipoapishwa 1994, kuwa hofu yetu kubwa si udhaifu wetu bali nguvu tuliyonayo. Hayamo kwenye hotuba ile. Ni ya mwandishi wa Kimarekani, Marianne Williamson, na yalichapwa 1992. Kuna duka moja liliyaweka na picha ya Mandela, mteja akasahihisha hadharani, na komenti zote zikawa juu ya hilo. Biashara inayouza kitu cha kutia mwilini ikionekana inanukuu bila kuhakiki, mtu atauliza na viungo vyake kavihakiki nani. Kama hujaona maneno kwenye chanzo chake, usiweke jina la mtu.

Na kubwa zaidi ni posti za Ijumaa. Mtu kaiokota hadithi kwenye statasi, hajui kaipokea nani wala daraja lake, kaiweka chini nembo ya duka na namba ya simu. Kwangu mimi hiyo haifai. Maneno ya Mtume (s.a.w.) si pambo la kuuzia sabuni.

---

BiKarafuu_Wete

Maalim, kwenye uhakiki nakubali moja kwa moja. Lakini salamu ya Ijumaa siiachi. Mteja akiingia dukani kwangu Ijumaa namwambia Ijumaa karim. Ukurasa ndio duka langu la pili. Nikinyamaza huko nitakuwa nimebadilika mtu.

---

Maalim_Jirani

Salamu haina neno, bi. Nasema nembo na namba ya simu.

---

NgamboGrafiki

Lakini maalim, ukurasa ni wa duka, jina la duka lipo juu hata ukiitoa nembo kwenye picha. Tofauti iko wapi?

---

Maalim_Jirani

Tofauti iko kwenye nia na kwenye anachokiona mtu mara ya kwanza. Kama huioni, siwezi kukulazimisha.

---

PwaniYaMashariki

Narudi na matokeo. Jana nilifanya lile la kusoma posti tisa kwa sauti. Nilimsomea bibi mmoja wa kikundi tukiwa tunafunga sabuni kwenye karatasi. Nilipofika ile ya ndoto akaniuliza, "Hiyo ya redio?" Sikumwongoza kwa lolote. Mwenyekiti alikuwepo akasikia.

Tukaanza kuzungumza, na katika mazungumzo bibi huyohuyo akasema neno nikaliandika hapohapo. Kuna mwenye duka anatuhimiza tumpe mzigo kabla haujakauka. Sabuni yetu tunaikata, halafu inakaa kwenye rafu wiki 4 hadi 6 ndipo tuiuze, na huyu anataka wiki ya pili. Bibi akasema: "Sabuni haitaki pupa. Ukiitoa mbichi itakuumbua kwa mgeni."

Hii ndiyo ningeiposti. Naomba muipime kama mlivyoipima ile, msinionee haya.

---

Mkunazini_Kwetu

Nani kasema: mtu wa kikundi. Akifanya nini: anafunga sabuni. Kwa nini leo: kuna mteja ana haraka. Anayeambiwa ni mwenye duka, na nyuma yake kila mnunuzi anayeshangaa kwa nini sabuni fulani haipo. Maneno hayo yanabeba habari ya kweli ya kazi yenu, kwamba sabuni ikitoka mapema inakuwa laini, inayeyuka haraka bafuni na inaweza kuwa kali kwa ngozi. Sina la kuongeza kwenye sentensi yenyewe. Usiisafishe. Usibadilishe "pupa" ikawa "haraka" ili watu wa bara waelewe, wataelewa.

Ila nakuuliza jambo moja zito. Mnalifuata? Maana neno hili ni ahadi. Mkimpa yule mwenye duka mzigo wa wiki ya pili kwa kuwa kalipa taslimu, mteja wa kwanza atakayepata kipande kinachoporomoka atawarudishia maneno ya bibi kwenye komenti. Ile ya "ndoto zako" haiwezi kumrudia mtu, haimfungi yeyote kwa lolote, na hiyo nayo ni alama ya kuitambulia.

---

PwaniYaMashariki

Tunalifuata. Rafu zina karatasi yenye tarehe ya kukata, nitaipiga picha.

---

NgamboGrafiki

Basi picha yako ndiyo hiyo! Rafu, vipande vimepangwa, karatasi ya tarehe inasomeka. Maneno yaweke kwenye kapsheni, usiyaandike juu ya picha. Nikichora maandishi makubwa juu yake yatafanana tena na kibandiko cha hamasa, na jicho la mtu limeshazoea kuviruka.

---

KinyoziChake

Mimi ningeyaandika juu ya picha. Watu wanashea picha, hawashei kapsheni. Ukiweka chini, kwenye statasi ya mtu itafika picha ya rafu peke yake bila neno la bibi.

---

Mkunazini_Kwetu

KinyoziChake ana hoja kwa upande wa WhatsApp. Kwa Instagram namfuata NgamboGrafiki. Unaweza kumwambia mtu aliyezoea kuandika kwenye kikundi ayaandike kwa kalamu kwenye karatasi ileile ya tarehe, ipigwe picha pamoja, lakini hilo mlijaribu mwone.

La muhimu zaidi ni ruhusa. Muoneshe bibi picha na maneno kabla hayajatoka. Muulize kama jina lake liwepo, au iandikwe tu "bibi mmoja wa kikundi chetu". Wengi kwetu hawapendi sura mtandaoni, na mikono inatosha. Na akikataa, maneno yanabaki nyumbani, hata yawe mazuri vipi.

---

DogoFuoni

Sasa Jumatatu zikibaki tupu mtafanya nini? Ukurasa ukinyamaza unashuka.

---

Mkunazini_Kwetu

Zibaki tupu, mdogo wangu. Wawe wanaposti wanapokuwa na kitu: maji yakitoka, sabuni ikikatwa, mzigo ukifika Mjini. Ukihesabu hivyo vitu ndani ya mwezi, tayari ni vingi kuliko Jumatatu nne. Na neno la mtu wa kikundi lije likijitokeza. Ukianza kumfuata bibi na simu kila wiki akupe msemo, atakutungia, na mtarudi kulekule kwa kupaka mwani juu.

---

DogoFuoni

Kufikishwa kwa watu kunashuka ukiposti kwa kuruka ruka, hilo mie nimeliona kwenye kurasa zangu.

---

Mkunazini_Kwetu

Kunaweza kushuka kidogo, sikatai. Kwa ukurasa unaouza mipira ya simu pengine ningekusikiliza. Kwa hawa, mwenye duka anayeingia ukurasani kabla ya kuagiza anateremka posti kumi na mbili za mwisho, na anachokikuta pale ndicho kinachoamua.

---

PwaniYaMashariki

Bibi kakubali, bila jina, na kasema mikono yake ionekane na pete. Mwenyekiti kakubali tusimamishe za Jumatatu hadi bamvua mbili zipite, halafu tulinganishe waliouliza bei na waliotuma posti kwa wengine. Za zamani anataka zibaki, katibu anataka zifutwe. Kuna aliyewahi kufuta posti za zamani akaona tofauti yoyote, au niwaache wazozane?

---

NgamboGrafiki

Usifute, ziweke kwenye akaivu. Mkibadili mawazo zinarudi na laiki zake.

---

BiKarafuu_Wete

Na huyo mwenye duka mumpelekee hiyo posti kabla hajaja kuchukua mzigo.